Mimi, Majina Yote Matatu, Natoa Nakala Hii

Nianze na chama, maana hasira yangu ilianzia hapo. Miaka michache iliyopita niliomba kibarua cha karani wa uchaguzi hapa Kisumu. Mama aliyekuwa kwenye dawati akaingiza namba ya kitambulisho changu kwenye kompyuta, akatulia, kisha akaniangalia kwa heshima ambayo sikuizoea.

"Lakini wewe ni mweka hazina," akasema.

Nikamuuliza hazina ya nani. Kumbe ya chama cha siasa, tawi la kaunti ambayo sijawahi kuikanyaga hata kwa kupotea njia. Mwanachama wa chama haruhusiwi kusimamia kura, na mimi sikuwa mwanachama tu, nilikuwa na cheo. Kibarua kikaniponyoka papo hapo. Nikaandika barua ya kujiuzulu kutoka chama ambacho sikujiunga nacho, nikawashukuru kwa ushirikiano wao, kwa sababu mama yangu alinilea vizuri. Hawakunijibu, na hiyo hazina sijaiona mpaka leo.

Nani alinifanya mweka hazina? Sijui na sitajua. Nilikuwa nimeacha nakala za kitambulisho changu kila mahali: kwa waliosajili laini za simu, kwa mashine za fotokopi, kwa walinzi wa mageti, kwa watu waliosema wanaandikisha kina mama wa mradi wa kuku. Kuku wenyewe hawakuja. Nakala ilikuwa karatasi tupu yenye uso wangu na namba yangu, na karatasi tupu ya namna hiyo haisemi imetumwa wapi wala kufanya nini, kwa hiyo yeyote akiiokota anaituma anakotaka. Tangu siku hiyo nikaapa kwamba hakuna nakala yangu itakayotoka mkononi bila kuandikwa inakokwenda.

Mimi ni fundi wa mitambo ya baridi. Nilisomea, nina diploma, na nilifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki mpaka kikafungwa. Baada ya hapo nikawa natengeneza friji za soda kwenye vibanda vya Kondele, kazi ambayo inakulisha leo na kukusahau kesho. Binti yangu nikampeleka Port Victoria kwa mama yangu, anayekausha na kuuza samaki huko. Nilisema ni kwa muda mfupi. Mtoto akaanza darasa la kwanza huko, akamaliza, akaingia la pili, akawa anaongea na mimi kwa simu kwa adabu kama anaongea na mwalimu. Hapo ndipo palipokuwa panauma. Nikipata kazi ya mkataba, yenye mshahara unaojulikana utaingia lini, mtoto anarudi kulala nyumbani kwangu. Sikuwa nataka kitu kingine.

Basi nikasikia kuna kampuni inajenga vyumba baridi vya samaki upande wa Kisian, na inatafuta fundi kupitia ofisi moja ya ajira iliyoko Milimani. Sikutuma kitu kwanza. Nilienda mwenyewe kwa miguu kuhakikisha ofisi ipo. Ilikuwepo, ndani ya nyumba kubwa yenye ua wa kijani, leseni yao imetundikwa ukutani, sekretari mezani, na mwenye ofisi, mama mmoja mtulivu, akanipa kadi yenye anwani ya barua pepe na namba yake mwenyewe. Akasema kampuni inataka nakala ya kitambulisho, cheti cha sekondari, diploma na cheti cha tabia njema. Nikamuuliza kitambulisho cha nini mapema hivyo. Akasema kampuni inataka kulinganisha majina na vyeti, wamewahi kuletewa diploma ya marehemu. Hiyo nikaielewa.

Vyeti halisi vilikuwa kwa mama, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake, kwa sababu chumba changu mvua ikinyesha kinageuka bwawa. Nikaenda kuvichukua. Mama akanitolea huku nikimweleza kwamba nitaviskani, niandike juu yake ni vya nini, nivifunge kwa paswadi, halafu paswadi niipeleke kwa njia nyingine.

"Unafunga?" akauliza.

"Nafunga."

"Unaenda kuomba kazi kwa mtu, unampelekea kitu kimefungwa kwa kufuli?"

"Mama, nitampa ufunguo."

"Kwa nini usiache tu wazi, aone huna la kuficha?" Akatikisa kichwa. "Nyathina, mwanangu, ndio maana hukupata mume wa pili. Mtu anakuja unamwuliza amekuja kufanya nini."

Nilikasirika njia nzima mpaka Kisumu. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba kuhusu yule mume alikuwa na ukweli kidogo.

Saiba niliyotumia, duka la kompyuta za kukodi, iko kwenye kona unapotoka Milimani kwenda mjini. Mwenyewe ni bwana mmoja mnene, mchangamfu, anayependa kusimama nyuma ya mteja na kusoma naye. Nikamwambia nitafanya mwenyewe, yeye akae. Niliskani vyeti, nikaviweka kwenye ukurasa, na juu ya kila kimoja, kwa mshazari, kwa rangi ya kijivu isiyofunika maandishi ya chini, nikaandika hivi: *Mimi,* halafu majina yangu yote matatu, *natoa nakala hii kwa ofisi ya ajira ya Milimani kwa ajili ya maombi ya kazi ya fundi wa vyumba baridi pekee. Haitumiki kwa jambo lingine lolote.* Chini yake tarehe. Kila ukurasa nikaugeuza kuwa picha ili maneno yashikane na cheti, mtu asije akayabandua kama stika. Nikaziunganisha zote kuwa PDF moja na kuifunga kwa paswadi ya kufungulia. Nikaituma kwenye anwani iliyokuwa kwenye kadi. Kisha nikafuta kila nilichoacha kwenye kompyuta yake, nikamwaga na lile pipa la taka la ndani ya kompyuta, nikatoka kwenye barua pepe yangu.

"Madam, kwani huniamini?" yule bwana akauliza.

"Sikuamini," nikamwambia. Akacheka sana, na akasema lile neno langu la mshazari limekaa kiserikali kabisa.

Kwenye barua pepe sikuandika paswadi. Niliandika kwamba nitapiga simu. Kesho yake nikapiga namba ya ofisi, akashika sekretari.

"Eeh, madam, faili yako imekataa kufunguka. Leta paswadi."

"Nimpe mwenye ofisi."

"Yuko na wageni. Wewe sema tu, mimi ndio nafungua."

Nikasema. Herufi moja moja, taratibu. Na yeye akawa anarudia kila moja kwa sauti ya mtu anayeita abiria, na nyuma yake nikasikia mwangwi, viti vikiburutwa, watu wakikohoa. Alikuwa ameniweka kwenye spika kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye kibodi. Chumba cha mapokezi kilikuwa kimejaa waombaji kazi.

"Hiyo ya tatu ni kubwa au ndogo?" akauliza.

"Amesema ndogo," sauti ya mwanaume ikamjibu huko huko.

"Hapana, kubwa," akasema mwingine, mama wa makamo kwa sauti yake. "Alivuta pumzi kwanza."

Ilikuwa kubwa. Yule mama alisikia vizuri. Faili likafunguka na nikasikia watu wakipumua kwa furaha, kana kwamba wote tumepata kazi.

Nikakata simu, nikarudi saiba siku hiyo hiyo. Nikaanza upya: faili lile lile, paswadi mpya, ndefu, isiyofanana na ya kwanza hata kidogo. Nikatuma, nikaomba la kwanza lifutwe. Safari hii nikampigia mwenye ofisi kwenye namba yake mwenyewe, nikamwomba atoke nje kidogo. Nilimsikia akifungua mlango, nikasikia ndege wa Milimani, ndipo nikamtajia. Akaandika, akanisomea kwa sauti ya chini, akasema atamwambia sekretari alifute la kwanza. Mama muungwana kabisa. Nikalala usingizi mzito.

Sekretari alilifuta. Nasema kweli, na haki yake nampa: alilifuta kwenye kompyuta siku ile ile, kama alivyoagizwa. Ila alikuwa ameshalipiga chapa.

Hayo niliyajua siku ya usaili. Nilifika asubuhi nikiwa nimevaa blauzi ya kanisani, vyeti halisi kwenye begi. Nikaingia mapokezi, na ukutani, karibu na leseni, nikakutana uso kwa uso na diploma yangu. Imebandikwa kwa selotepu, imeandikwa juu kwa kalamu nene: MFANO. Chini yake, kwa kalamu ile ile, imeandikwa paswadi yangu ya kwanza.

"Hiyo ni yangu," nikamwambia sekretari.

"Ndiyo, madam. Ni safi sana," akasema. "Bosi mwenyewe aliisifu, akasema waombaji wote wangekuwa wanatuma hivi. Sasa nikawaonyesha. Kitambulisho chako sikubandika, nimefungia kwa droo. Hiyo ni siri."

"Na paswadi?"

"Niliwaambia waweke hiyo hiyo. Si mimi ndio nafungua zote? Kila mtu akija na yake nitaweka wapi?"

Jamani! Nilibandua diploma yangu ukutani, nikaikunja, nikaitia kwenye begi. Nikamwambia naitaka na ile ya kitambulisho, na kila ukurasa mwingine alioupiga chapa. Akafungua droo akanipa, huku akisikitika kwa dhati kwamba sasa ukuta utabaki wazi.

Waombaji walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki barazani, kila mmoja na makaratasi yake mapajani. Nikakaa. Nikatupa jicho kwa jirani yangu, jamaa mrefu aliyetoka Busia. Kwenye cheti chake cha sekondari, kwa mshazari, kwa rangi ya kijivu: *Mimi,* majina yangu yote matatu, *natoa nakala hii.*

Nikageuka upande wa pili. Mama wa makamo, sauti nikaitambua pale pale aliponisalimia, ni yule wa herufi kubwa. Na yeye cheti chake kilisema ni mimi.

"Samahani mama," nikamwambia, "hapo juu ni jina la nani?"

"Hilo?" Akaangalia. "Hilo ni la mhuri. Yule bwana wa saiba hapo kona anaweka vizuri sana. Wewe huna?"

"Lakini unajua ni la nani?"

"Si afisa wa hapa? Lazima awe ni afisa. Angalia alivyoandika."

Nikasimama, nikapita mstari wote nikisoma. Karibu wote. Yule bwana wa saiba alikuwa ameletewa picha ya ukutani kwenye simu, akaambiwa weka kama hii, akaweka kama hiyo, neno kwa neno, nukta kwa nukta, hata tarehe yangu. Tulifundishwa hivyo shuleni: mwalimu akiandika mfano ubaoni unanakili wote, ukiruka kitu unachapwa. Na mimi hapo barazani nikawa nimetoa nakala za vyeti vya watu ambao sijawahi kuwaona, wa kutoka Siaya, Homa Bay, Vihiga, wanaume kwa wanawake. Mara ya pili maishani jina langu lilikuwa limepewa cheo bila mimi kuombwa, na safari hii lilikuwa linafanya kazi kuliko mimi mwenyewe.

Mwenye ofisi hakuwepo. Sekretari alisema ameenda mazishini, mahali ambapo simu haishiki. Waliokuwa ndani ni watu wawili wa kampuni: mzee mmoja ambaye ni mhandisi, na bibi wa utumishi mwenye miwani, aliyekuwa na laptopu mbele yake.

Madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo barazani tulisikia kila kitu. Aliingia kwanza yule jamaa wa Busia.

"Wewe ndiye huyu?" bibi wa utumishi akamwuliza, akataja jina langu.

"Hapana. Huyo ni wa mhuri."

Akaingia mwingine. "Wewe ndiye huyu?" Hapana, huyo ni wa mhuri. Wa tatu akasema anafikiri ni wakili. Wa nne, aliyeona bora kuonekana mwenye watu, akasema anamfahamu yule afisa, ni mtu wa kwao, mtu mzuri sana ila ana hasira.

Hilo la hasira lilinishangaza, kwa sababu ndilo pekee lililokuwa kweli.

Zamu yangu ilipofika niliingia nikasalimia. Bibi akaangalia orodha yake, akaangalia uso wangu, akavua miwani.

"Kumbe upo," akasema. "Afisa mwenyewe."

"Mimi si afisa. Mimi ni mwombaji kazi."

"Unawapigia watu mhuri, halafu unashindana nao?" akauliza mzee. Hakuwa mkali. Alikuwa anataka kuelewa. "Unawatoza kiasi gani?"

Nikaeleza. Nikaeleza chama, nikaeleza hazina, nikaeleza kuku, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia naongea kama mtu aliyekunywa kitu asubuhi. Bibi wa utumishi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuza laptopu kidogo.

"Tatizo ni hili," akasema. "Faili zote za watu hawa nimezifungua kwa paswadi moja. Yako peke yake imekataa. Yaani huyo ambaye jina lake liko kwa kila karatasi, karatasi zake mwenyewe hazifunguki. Hebu nisaidie, mimi niamini nini?"

Hapo nilimwona binti yangu akiingia darasa la tatu Port Victoria, akiniambia shikamoo kwa simu. Nilikuwa nimefanya kila kitu sawasawa, na kila kitu sawasawa ndicho kilichokuwa kinaninyonga.

"Yangu ina paswadi tofauti," nikasema. "Niliibadilisha. Nilimpa mwenye ofisi peke yake."

"Ambaye yuko mazishini."

"Ndiyo."

"Basi itaje tukufungulie."

Nikafungua mdomo. Na barazani, kelele zote zikafa. Viti vya plastiki vikalia kidogo vile vinavyolia watu wakiinama mbele. Niligeuka nikaona dirishani yule mama wa makamo ameshika kalamu, cheti chake amekigeuza upande mtupu, ananisubiri kwa upendo kabisa, kama mtu anayengoja kunisaidia tena kwenye herufi kubwa.

Nikafunga mdomo.

"Sitaitaja," nikasema.

"Hutaki kazi?" akauliza mzee.

"Nataka. Nataka kuliko hao wote hapo nje. Lakini nikiitaja sasa hivi, kufikia jioni itakuwa kwa bwana wa saiba. Nipe hiyo mashine niandike mwenyewe."

Bibi akamwangalia mzee. Mzee akaangalia dirishani, akamwona yule mama na kalamu yake, wakasalimiana. Kisha akanisukumia laptopu. Nikaandika, nikakosea mara ya kwanza, na bibi akashusha pumzi ya mtu aliyekuwa anajua tangu mwanzo. Nikaandika tena. Likafunguka.

Kitambulisho changu kikatokea, uso wangu, na juu yake jina lile lile la mshazari, likiwa kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo limekaa kwenye karatasi za mwenyewe. Bibi akatazama kitambulisho, akanitazama. Akaniomba vyeti halisi, nikavitoa, akalinganisha kimoja kimoja bila haraka. Akaangalia kwenye orodha siku barua pepe yangu ilipoingia ofisini: kabla ya za wengine wote.

"Kwa hiyo mwenye mfano ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Na hii sentensi uliifikiria mwenyewe?"

"Ndiyo. Mtu akiikuta karatasi yangu imefungiwa njugu sokoni au iko kwa chama cha siasa, ajue si hapo ilipotumwa."

Mzee akakohoa, akasema sasa tuongee kazi. Akaniuliza ningefanya nini nikikuta koili ya kupozea imefunikwa barafu yote na chumba kinazidi kupata joto huku kompresa inanguruma. Nikamwambia kwanza singegusa gesi, ningeangalia feni na mfumo wa kuyeyusha barafu, na mlango, kwa sababu wapakiaji wa samaki hawafungi mlango. Akacheka. Tukaongea milango ya vyumba baridi mpaka bibi akatukatiza. Nilipotoka, yule mama wa makamo akanishika mkono.

"Umefanya vizuri kutoitaja," akanong'ona. "Huyu wa nyuma yangu alikuwa anaandika."

Nilikaa wiki nikingoja. Mwenye ofisi aliporudi kutoka mazishini alinipigia kuomba radhi, na nikamwambia kwa adabu yote niliyonayo, ambayo si nyingi, kwamba vyeti vya watu havibandikwi ukutani, kuna sheria ya kulinda data na ofisi ya serikali ya kupeleka malalamiko, na mimi njia ya kwenda huko naijua. Akasema mashine ya kupigia chapa ameihamishia chumbani kwake, na sekretari ameambiwa asipokee paswadi tena kwa spika. Sikuenda kulalamika. Lakini kwa bwana wa saiba nilienda. Akanipokea kwa mikono miwili, akaniambia biashara haijawahi kuwa nzuri hivyo, na akataka kujua kama nina maneno mengine. Nikamwambia kila mtu aandikiwe jina lake. Akanitazama kwa mashaka.

"Lakini watu wanalitaka lako, madam. Linafanya kazi."

Kisha siku moja simu ikalia mlio wa barua pepe nikiwa nimelala chali chini ya friji ya soda Kondele. Ilikuwa kampuni. Barua yenyewe imefungwa, inataka paswadi. Kabla sijakasirika, ujumbe mfupi ukaingia kutoka namba ya bibi wa utumishi, paswadi hiyo hapo, imekuja peke yake bila maelezo. Nikasema, ala, kuna mtu alikuwa ananisikiliza.

Nikafungua. Mkataba. Fundi wa vyumba baridi, Kisian, siku ya kuanza, mshahara, sahihi ya mzee. Na juu ya ukurasa wote, kwa mshazari, kwa rangi ya kijivu: *Mimi,* majina yangu yote matatu, *natoa nakala hii kwa ofisi ya ajira ya Milimani kwa ajili ya maombi ya kazi ya fundi wa vyumba baridi pekee. Haitumiki kwa jambo lingine lolote.*

Waliinakili yote. Na tarehe yangu pia.

Nilibaki chini ya ile friji nikicheka mpaka mwenye kibanda akaja kuuliza kama umeme umenipiga. Halafu nikawa silii wala sicheki, naona tu maji yanatoka. Nikampigia mama Port Victoria, nikamsomea barua nzima, kuanzia juu, pamoja na ule mstari wa mshazari, kwa sababu sikutaka kuruka kitu.

Nilisikia samaki wakigeuzwa kwenye wavu wa kukaushia, na sauti ya binti yangu kwa mbali akiuliza ni nani kwenye simu.

"Nirudie hapo juu," mama akasema. Nikarudia. "Kwa hiyo ni wewe ndiye umetoa hiyo barua."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Yaani umejiandika kazi mwenyewe."

"Mama, ni makosa yao ya..."

"Sasa kama ulikuwa unaweza kujiandika," akasema, na sauti yake ikawa si ya utani tena, "mbona umemwacha huyu mtoto kwangu muda wote huu?"

Nikamwambia amfungie nguo zake, Jumamosi nakuja kumchukua.